Barua ya Wazi kwa Bodi: Watu Wanane Hawatoshi Chumba cha Mitambo

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi
Kiwanda cha kusindika samaki, Mwanza

YAH: IKAMA YA CHUMBA CHA MITAMBO YA UBARIDI

Ndugu Mkurugenzi, Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,

Salamu, na poleni kwa majukumu.

Ninawaandikia kwa niaba ya mafundi wa chumba cha mitambo, mimi nikiwa ndiye ninayepanga rosta yao. Jambo hili tulianza nalo ndani. Tuliiandikia Idara ya Rasilimali Watu, tukaambiwa ikama imeshapitishwa. Tukapitia kwa Meneja Uzalishaji, akatusikiliza vizuri na kuahidi kulifikisha juu. Tukalileta tena kwenye kikao cha kamati ya afya na usalama, likaandikwa kwenye muhtasari, na hapo ndipo lilipoishia. Sijataja jina la kiwanda kwa sababu hatutafuti kukiaibisha, na wanaohusika watajitambua. Tunaliweka hadharani kwa kuwa tunajua viwanda vingine kando ya ziwa hili vinapiga hesabu ileile, na mafundi wao wanalala usingizi uleule wa mapande.

Hoja zetu ni hizi.

1. Ikama ya watu wanane imepigwa kana kwamba hakuna mtu atakayekosa kazini hata siku moja kwa mwaka mzima.

Chumba cha mitambo hakifungwi. Vigandishio vya sahani vinashuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na ghala la minofu iliyogandishwa linatakiwa libaki kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, iwe Idi, iwe Krismasi, iwe saa tisa usiku. Kila shifti inahitaji watu wawili: mmoja kwenye kompresa na paneli, mwingine kwenye pampu, vali na minara ya kupozea. Shifti ni tatu za saa nane. Watu wawili mara shifti tatu mara siku 365 ni nafasi 2,190 za kujazwa kwa mwaka.

Timu ziko nne, za watu wawili wawili. Kila timu inafanya asubuhi mbili, alasiri mbili, usiku mbili, kisha ofu mbili. Mzunguko ni wa siku nane, na ndani yake mtu anafanya kazi siku sita. Kwa wastani ni saa 42 kwa wiki, chini ya saa 45 zilizowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mpangilio wenyewe ni mzuri na hatuupingi. Kwa mwaka kila mtu anaangukiwa na takriban shifti 274. Zidisha kwa wanane, unapata zilezile 2,190.

Hapo ndipo ofisi iliposimama. Nafasi 2,190, shifti 2,190, hesabu imefunga. Imefunga hivyo kwa sababu hakuna aliyewekwa likizo ndani yake, wala aliyewekwa malaria.

Tuangalie mtu mmoja kwa mwaka. Sheria inampa likizo ya siku 28 mfululizo, na kwenye mzunguko wetu siku hizo zinabeba shifti 21. Kwa daftari letu la mahudhurio, ugonjwa wenye ED ya daktari unachukua wastani wa shifti 8 kwa mtu, na sehemu kubwa ni malaria. Mafunzo ya amonia, zimamoto, huduma ya kwanza, zoezi la kuvaa vifaa vya kupumulia na vipimo vya afya vya kila mwaka vinachukua shifti 5. Misiba, uzazi wa wake zetu na kuuguza watoto ni shifti 3. Jumla ni shifti 37 kati ya 274, yaani asilimia 13 na nusu ya muda tunaolipwa. Huo si utoro. Ni upungufu wa kawaida ambao kila kazi ya zamu unao, na unajulikana kabla mwaka haujaanza, isipokuwa majina na tarehe.

Watu wanane mara shifti 37 ni nafasi 296. Nafasi 296 kwa mwaka, karibu 25 kila mwezi, hazina mtu kwenye karatasi wala kazini. Mimi ndiye ninayetakiwa kuzijaza, na sina mtu wa kuweka. Rosta ya mwezi ikibandikwa ukutani tarehe mosi inasomeka. Ikifika tarehe 20 imejaa mishale, majina yaliyokatwa, na wino mweupe uliopakwa mara mbili mahali pamoja.

2. Pengo linazibwa kwa njia mbili, na zote mbili ni mbaya.

Njia ya kwanza ni kupiga dabo. Aliyeingia saa tisa alasiri anaambiwa asitoke saa tano usiku, aendelee mpaka saa moja asubuhi kwa kuwa mwenzake amelazwa. Ni saa 16. Sheria hairuhusu mtu afanyishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na inamtaka apumzike saa 12 mfululizo kabla ya kurudi kazini. Aliyepiga dabo anarudi saa tisa ileile alasiri, baada ya saa nane tu, na ndani ya saa hizo amepanda daladala kwenda Buhongwa au Kisesa na kurudi.

Ofisi hutujibu kwamba ovataimu ni halali mradi isizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Ni kweli, na tukigawanya nafasi 296 kwa watu wanane, kila mmoja anapata kama saa 23 kwa kila wiki nne, chini kabisa ya kikomo hicho. Lakini kikomo cha wiki nne hakifuti kikomo cha siku. Ugonjwa hauji kwa vipande vya saa mbili mbili. Unakuja kwa shifti nzima ya saa nane, mara nyingi kwa simu inayopigwa saa nne usiku, na wakati huo mwenye nafasi ya kubaki ni yule tu aliye tayari ndani ya chumba.

Njia ya pili ni kumwacha mtu peke yake, na hii ndiyo inayonitisha zaidi.

Naomba Wajumbe ambao hawajaingia chumba cha mitambo waelewe kazi moja tu: kutoa oili kwenye mfumo wa amonia, gesi inayozungushwa kuleta baridi. Oili ya kompresa hupita kidogo kidogo na kuingia kwenye mfumo. Kwa kuwa ni nzito kuliko amonia iliyo kimiminika, inatuama chini ya matangi na lazima itolewe mara kwa mara kwa vali ya chini. Kwenye matangi ya upande wa baridi oili hiyo inakuwa nzito, inaziba. Fundi anafungua vali, hakitoki kitu. Anaongeza kidogo, hakitoki. Ghafla kile kizibo kinaachia na nyuma yake inaruka amonia iliyo kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri na kujaza chumba kwa mvuke kufumba na kufumbua. Mvuke huo unaunguza macho na mapafu, na sehemu 300 tu katika sehemu milioni moja za hewa zinahesabiwa kuwa hatari kwa maisha papo hapo. Kwa hiyo mtoa oili haondoki kwenye vali hata kama simu inaita, na mtu wa pili anasimama karibu na mlango, barakoa ya kupumulia mkononi, akijua swichi ya dharura iko wapi.

Akiwa peke yake, fundi mwenye busara haitoi. Anaahirisha. Anaandika kwenye kitabu kwamba oili itatolewa shifti ijayo, na shifti ijayo nayo ina mtu mmoja.

Oili isiyotolewa haikai kimya. Inafika kwenye vigandishio na kupaka mirija kwa ndani, baridi haipiti vizuri tena. Shinikizo la upande wa kuvuta linashuka, kompresa zinafanya kazi muda mrefu zaidi kwa minofu ileile, na bili ya umeme inapanda. Mkitaka kuliona hili hamhitaji kuniamini mimi. Chukueni kitabu cha kumbukumbu cha chumba cha mitambo mkiweke kando ya rosta halisi, ile yenye wino mweupe. Angalieni wiki zilizokuwa na mtu mmoja mmoja usiku, kisha muangalie safu ya utoaji oili, muda wa kugandisha kila mzigo, na saa za kompresa. Mtaona safu ya oili ina nafasi tupu nyingi, na siku chache baadaye muda wa kugandisha unarefuka.

Halafu kuna umeme kukatika. Jenereta inahitaji mtu, na kompresa hazirudishwi zote kwa pamoja. Zinarudishwa kwa zamu, vali zikikaguliwa, pampu ikisikilizwa. Kuna usiku mmoja fundi wetu alikuwa peke yake, umeme ukakatika, akakimbilia jenereta nje, na aliporudi akakuta harufu ya amonia kwenye sili ya pampu iliyoanza kuvuja baada ya kusimama. Alivaa barakoa, akafunga vali, akakaa nje mpaka hewa ilipotulia. Hakuna aliyeumia. Kama angeanguka mle ndani, wa kwanza kujua angekuwa mlinzi wa getini, na mlinzi hana barakoa.

3. Sababu tunazopewa, na majibu yetu.

(a) “Msimu wa samaki ukishuka mtapumzika.” Hapana. Idadi ya wakata minofu inafuata tani za sangara zinazoingia, na ni haki ipungue samaki wakipungua. Chumba cha mitambo kinafuata saa. Ghala likiwa nusu bado linataka baridi saa 24, na nafasi zinabaki 2,190.

(b) “Mafundi wa karakana watawashikia.” Wanajua kuchomelea na kubadilisha beringi, na tunawaheshimu sana. Lakini hawajafunzwa amonia, na wao pia wana likizo zao. Kuhamisha pengo kutoka chumba kimoja kwenda kingine si kuliziba.

(c) “Basi tuwaongeze asilimia 13 na nusu, ambayo kwa wanane ni mtu mmoja.” Hii ndiyo hoja iliyokaribia ukweli, na ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, kwa sababu ina makosa mawili yanayofanana na usahihi.

Kosa la kwanza ni la hesabu yenyewe. Ukichukua wanane ukawazidishia asilimia 13 na nusu, unapata 9.08. Lakini mtu unayemwongeza naye anakwenda likizo, naye anaugua, naye anatakiwa mafunzoni. Hatoi shifti 274. Anatoa kama 237, sawa na wenzake. Njia iliyo sahihi ni kugawa nafasi 2,190 kwa shifti ambazo mtu hutoa kweli, 236.75, na jibu ni 9.25. Kwa idadi ndogo kama yetu tofauti inaonekana haina maana, ila kadiri upungufu unavyokuwa mkubwa ndivyo inavyopanuka. Idara ikiwa na upungufu wa asilimia 30 na ikamhitaji mtu mmoja kila wakati, kuzidisha kunakupa 1.3, kugawa kunakupa 1.43.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Wastani wa mwaka haumjui mtu aliyeugua Jumanne. Tuseme tuko tisa. Likizo za watu tisa, zikipangwa moja baada ya nyingine bila kugongana, zinachukua siku 252 kati ya 365. Maana yake, karibu siku saba katika kila kumi, yule mtu wa tisa ameshatumika kuziba likizo ya mwenzake. Malaria ikiingia katika siku hizo, tumerudi palepale: dabo, au mtu mmoja na pampu. Timu ya watu mia ikikosa mmoja haishtuki. Timu ya watu wawili ikikosa mmoja imebaki nusu. Ndiyo maana kikundi kidogo kinahitaji akiba kubwa kuliko asilimia inavyosema, na ndiyo maana tunaomba watu kumi, si tisa na robo.

(d) “Siku wote mkiwepo, hao wa ziada watakaa bure.” Kwa watu kumi, tukishajaza nafasi zote, kunabaki karibu shifti 177 kwa mwaka, tatu hadi nne kwa wiki. Tuna orodha ya kuzitumia: kutoa oili mchana kweupe kwa watu wawili waliolala vizuri, kusafisha minara ya kupozea, kukagua vali za usalama, kupima vitambua-amonia, kufundisha wapya. Kazi hizi leo zinafanywa kwa kuibia muda, au hazifanywi kabisa. Na jambo la mafunzo lina uzito wake. Mafunzo ndiyo ya kwanza kufutwa mtu akiugua, kwa kuwa hakuna atakayelalamika siku hiyohiyo. Kuna wenzetu ambao zoezi la vifaa vya kupumulia limeahirishwa mara kadhaa, na majina yao ndiyo hayohayo yanayopangwa usiku.

(e) “Gharama.” Tuzungumze gharama wazi. Ovataimu inalipwa mara moja na nusu. Kama kila nafasi kati ya zile 296 ingejazwa kwa ovataimu, mngelipa sawa na shifti 444. Mkiajiri mtu wa tisa mtamlipa shifti zake 274, na kwa nafasi 59 zitakazobaki mtalipa ovataimu sawa na 89. Jumla ni 363. Mtu wa tisa anajilipa mwenyewe na chenji inabaki. Mtu wa kumi hajilipi kwa hesabu hiyo, na sitasema anajilipa. Wawili kwa pamoja ni shifti 548, yaani 104 zaidi ya kuziba kila kitu kwa ovataimu. Sijaweka NSSF, bima wala vifaa vya kujikinga, na ukiviweka tofauti itaongezeka kidogo. Hizo shifti 104 ndizo bei ya kutomwacha mtu peke yake na amonia usiku, na ndani yake mnapata zile shifti 177 za matengenezo. Kinachofanya ikama ya sasa ionekane nafuu ni kwamba mapengo mengi hayalipiwi kabisa: mtu mmoja anafanya kazi ya wawili kwa mshahara wa mmoja.

4. Likizo zinasogezwa mpaka zinapoteza maana.

Hili ni fupi lakini linauma. Kwa kuwa hakuna wa kumshikia, mtu anaomba likizo ya Desemba na kupewa ya Machi, Machi inafika mwenzake anaumwa, inasogezwa tena. Msiba ukitokea Ukerewe, kijana anapaswa kuchagua kati ya kuwahi boti ya Nansio na kusubiri nimtafutie mbadala ambaye hayupo. Watu wetu wawili wazoefu wameondoka kwa sababu hii, na hawakuondoka kwa ajili ya mshahara. Kumfundisha fundi mpya mpaka aaminike na shifti ya usiku ni kazi ya miezi, na miezi hiyo yote yeye ni wa tatu kwenye shifti, hajawa wa pili.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, ikama ya chumba cha mitambo iwe watu kumi. Wa tisa aajiriwe mara moja, kwani hata kwa hesabu ya fedha tupu hana kipingamizi. Wa kumi aingizwe kwenye bajeti ijayo, na kazi za matengenezo nilizozitaja ziandikwe kwenye majukumu ya nafasi hiyo ili asije akaonekana ni wa ziada na kuondolewa mwaka unaofuata.

Pili, itolewe amri ya maandishi kwamba oili haitolewi na mtu mmoja, na kwamba shifti ikibaki na mtu mmoja, mzigo mpya haupakiwi kwenye kigandishio mpaka wa pili afike. Meneja Uzalishaji atapoteza mzigo mmoja wa kugandisha. Hasara hiyo ionekane kwenye taarifa yake, isifichwe kwenye macho ya fundi.

Tatu, kalenda ya likizo na mafunzo ya mwaka mzima ibandikwe kila Januari, na anayeifuta aandike jina lake na sababu.

Nne, kila miezi mitatu Idara ya Rasilimali Watu itoe hesabu ya shifti zilizopotea kwa likizo, ugonjwa, mafunzo na misiba, kila moja mbali. Namba 37 ni ya daftari langu la sasa. Mwaka wa malaria nyingi itapanda, na mkishaweka vyandarua kwenye nyumba za zamu huenda ikashuka. Ikibadilika, ikama ipigwe upya kwa kugawa, kama nilivyoonyesha.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 21. Tuko tayari kuja mbele ya Bodi na daftari la mahudhurio, kitabu cha kumbukumbu na rosta zote, mzikague ukurasa kwa ukurasa. Tusipopata jibu, tutalipeleka suala la saa za kazi kwa Afisa Kazi wa Mkoa, na suala la mtu mmoja kufanya kazi na amonia kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ambao ndio wenye mamlaka nayo.

Wenu katika kazi,

Mpanga rosta, kwa niaba ya mafundi wanane wa chumba cha mitambo
Mwanza

Nakala: Tawi la chama cha wafanyakazi, Kamati ya afya na usalama ya kiwanda